Kikombe cha Mchele na Kikombe cha Wali: Kufundisha Hesabu ya Kalori katika Vyakula Vinavyokunywa Maji

Utangulizi

Lugha yetu imetutendea wema mkubwa katika jambo hili. Zao likiwa shambani na lingali na maganda, twaliita mpunga. Likikobolewa, twaliita mchele. Likiisha kupikwa, twaliita wali. Hakuna mtu anayekwenda dukani kununua kilo ya wali, wala anayemkaribisha mgeni kwa sahani ya mchele. Hata hivyo, mara tu tunapoingia katika hesabu za chakula tofauti hii husahaulika, na mwalimu hujikuta anasoma tarakimu ya mchele kana kwamba ni ya wali, au ya wali kana kwamba ni ya mchele.

Tuliona kosa hilo kwa macho yetu wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo mmoja alikuwa akifundisha Darasa la Sita somo la vyakula vya kutia nguvu. Aliandika ubaoni kwamba gramu 100 za mchele zina kalori 360, na kwamba gramu 100 za wali zina kalori 130. Tarakimu zote mbili zilikuwa sahihi. Mtoto mmoja wa kike aliyekaa safu ya mbele akanyosha mkono na kuuliza: “Mwalimu, hizo kalori nyingine zimekwenda wapi?” Mwanachuo akasita kidogo, kisha akajibu: “Zimeungua motoni.” Watoto wakaandika katika madaftari yao kwamba kupika huondoa zaidi ya nusu ya nguvu ya chakula.

Jibu hilo si kweli, na madhara yake hayaishii darasani. Mtoto aliyefundishwa hivyo atamwambia mama yake kwamba moto unaharibu chakula. Lakini tusimlaumu mwanachuo huyo peke yake. Swali la mtoto lilikuwa zuri sana, na wengi wetu tungalitatizika kulijibu pale pale. Makala haya yanakusudia kueleza jibu lake kwa ukamilifu, na kuonyesha namna somo hilo linavyoweza kufundishwa kwa sufuria moja, kikombe kimoja na hesabu ya sehemu ambayo wanafunzi wa darasa la sita wanaiweza.

Nini hutokea ndani ya sufuria

Kwanza tukubaliane juu ya kipimo chenyewe. Kalori inayotajwa katika majedwali ya vyakula ni ile kalori kubwa, yaani kiasi cha joto kinachotosha kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi 1 ya sentigredi. Nguvu hiyo hutoka katika wanga, protini na mafuta. Kwa kawaida tunahesabu kalori 4 kwa kila gramu ya wanga, kalori 4 kwa kila gramu ya protini, na kalori 9 kwa kila gramu ya mafuta. Maji hayana kalori hata moja. Sentensi hii ya mwisho ndiyo ufunguo wa somo zima, na mwalimu afanye vema kuiandika juu kabisa ya ubao.

Gramu 100 za mchele mweupe zina karibu gramu 80 za wanga, gramu 7 za protini, mafuta yasiyofika gramu moja, na maji kiasi cha gramu 12. Ukizidisha na kujumlisha utapata kalori zinazokaribia 360, na hii ndiyo tarakimu tutakayoitumia. Majedwali hutofautiana kidogo kwa kuwa aina za mchele hutofautiana, lakini tofauti hizo ni ndogo na hazibadili hoja.

Sasa tutie mchele huo katika maji na kuuchemsha. Wanga ndani ya punje umepangwa katika chembe ndogo ndogo sana zilizobanana. Katika maji baridi chembe hizo hunywa maji kidogo tu, ndiyo maana mchele uliolowekwa haugeuki wali. Lakini maji yanapofikia joto la kiasi cha nyuzi 60 hadi 80 za sentigredi, mpangilio ule hulegea, maji huingia kwa wingi, na chembe huvimba na kuwa laini kama gundi. Punje hutuna, na sufuria iliyokuwa na kina cha vidole viwili vya mchele hujaa hadi karibu na ukingo.

Tazama basi kilichotokea. Wanga haukuondoka sufuriani. Maji yameingia na kukaa pamoja nao. Ukichota gramu 100 za wali, sehemu kubwa ya ulichochota, karibu gramu 70, ni maji. Mchele halisi uliomo katika gramu hizo ni kama gramu 36 tu, na gramu 36 za mchele zina kalori 130. Kwa hiyo mtoto yule angalijibiwa hivi: kalori hazikwenda popote, zimetawanyika katika chakula kingi zaidi. Sufuria nzima ya wali ina kalori zile zile za mchele uliotiwa ndani yake.

Jaribio lililofanyika siku ya pili

Hatukumsahihisha mwanachuo mbele ya watoto. Jioni ile tuliketi naye tukapanga jaribio, na kesho yake alilifanya mwenyewe mbele ya darasa. Tunalieleza hapa hatua kwa hatua, pamoja na tarakimu zilizopatikana, ili kila msomaji aweze kulirudia.

Zana zilikuwa hizi: sufuria yenye kifuniko, kikombe kimoja cha mililita 250, rula ya kusawazishia, mchele, maji, jiko la mkaa, na mizani iliyoazimwa kwa muuza duka jirani. Kikombe kilichotumika kilikuwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Jambo hili huonekana dogo, lakini vikombe vya nyumbani hutofautiana sana, na ukipima mchele kwa kikombe hiki na wali kwa kikombe kile hesabu yako yote itakuwa bure.

Kwanza sufuria tupu ilipimwa: gramu 400. Kisha kikombe kilijazwa mchele, kikasawazishwa kwa rula bila kutikiswa wala kushindiliwa, na mchele ukamiminwa sufuriani. Mizani ilionyesha gramu 600, yaani kikombe kimoja cha mchele kilikuwa na gramu 200. Watoto wakazidisha: gramu 200 ni mara mbili ya gramu 100, basi kalori ni 360 mara 2, sawa na 720. Tarakimu hii ikaandikwa ubaoni ndani ya duara, ikakaa hapo hadi mwisho wa kipindi.

Vikombe viwili vya maji, yaani gramu 500, viliongezwa. Jumla ya sufuria na vilivyomo ikawa gramu 1,100. Hapakutiwa mafuta wala nazi. Wali ulipikwa kwa moto wa wastani hadi maji yakakauka, ukafunikwa na kuachwa uive kwa moto mdogo, kisha ukapimwa tena. Mizani ikaonyesha gramu 960.

Hapo mwanachuo aliuliza swali zuri: “Gramu 140 zimekwenda wapi?” Darasa zima lilikuwa limeuona mvuke ukipanda, na jibu likaja kwa sauti moja. Akaendelea: maji yaliyotiwa yalikuwa gramu 500, yaliyotoka kwa mvuke ni 140, yaliyobaki katika wali ni 360. Gramu 200 za mchele zimekunywa gramu 360 za maji, na wali mtupu, ukiondoa uzito wa sufuria, ni gramu 560. Kwa uzito, basi, mchele umeongezeka mara 2.8.

Baada ya hapo wali ulipimwa kwa kikombe kile kile, kikijazwa bila kushindiliwa na kusawazishwa. Vilipatikana vikombe 3 na theluthi moja. Ndipo tarakimu ile ya ndani ya duara ilipoitwa kazini: kalori 720 zigawanywe kwa 3 na theluthi. Baadhi ya watoto waligeuza 3 na theluthi kuwa desimali isiyohitajika. Wengine waliandika 10 juu ya 3, wakapindua, wakazidisha 720 kwa 3 na kugawa kwa 10. Hao wa pili walipata 216. Kikombe cha mchele kina kalori 720. Kikombe cha wali kina kalori 216. Na bado hakuna hata kalori moja iliyopotea, kwa sababu 216 mara 3 na theluthi ni 720 tena.

Mtoto aliyeuliza swali siku ya kwanza ndiye aliyeitwa ubaoni kufanya hesabu hii ya kurudisha. Tulifurahi kuona kwamba alipomaliza alifuta mwenyewe sentensi ya jana katika daftari lake.

Kama hakuna mizani

Shule nyingi hazina mizani, na wanachuo wengi huliacha jaribio hili kwa sababu hiyo. Hakuna haja. Nunua mchele wa kilo moja uliopimwa dukani, kisha uhesabu ni vikombe vingapi vinatoka humo. Ukipata vikombe 5, kila kikimoja kina gramu 200. Ukipata 4 na nusu, gawa 1,000 kwa 4 na nusu, utapata karibu gramu 220. Hiyo yatosha kukupa kalori za mchele mkavu.

Kwa upande wa wali huhitaji kupima uzito hata kidogo. Hesabu vikombe vilivyotoka katika sufuria, kisha ugawanye kalori za mchele kwa idadi hiyo. Kanuni yote yaweza kuandikwa kwa mstari mmoja:

Kalori za kikombe kilichopikwa = kalori za chakula kikavu kilichotiwa sufuriani ÷ idadi ya vikombe vilivyopatikana baada ya kupika.

Ubora wa njia hii ni kwamba haitegemei jedwali la wali la mtu mwingine, ambaye huenda alipika kwa maji mengi kuliko wewe. Inategemea kile ulichokitia mwenyewe na kile ulichokipata mwenyewe.

Kwa nini kipimo cha kikombe hudanganya

Mwanachuo atakayerudia jaribio hili asishangae kupata tarakimu tofauti na zetu. Zipo sababu tatu za kawaida, na kila moja ina dalili yake.

Sababu ya kwanza ni kushindilia. Wali ule ule wa gramu 560 ukikandamizwa kwa mwiko waweza kuingia katika vikombe 2 na nusu hivi. Hapo kila kikombe kitakuwa na kalori 288 badala ya 216. Chakula hakikubadilika, hewa iliyokuwa kati ya punje ndiyo iliyotolewa. Dalili yake ni kwamba makundi mawili ya watoto yaliyopika kiasi kimoja kwa maji sawa hupata idadi tofauti za vikombe, ingawa uzito wa wali wao ni mmoja. Ndiyo sababu uzito ni kipimo cha kuaminika kuliko ujazo, na kila penye mizani afadhali itumike.

Sababu ya pili ni wingi wa maji. Mchele ule ule ukipikwa kwa vikombe vitatu vya maji hutoka wali bokoboko, nao hujaza vikombe vingi zaidi. Tuseme vimekuwa vikombe 4: kila kimoja sasa kina kalori 180. Akina mama husifu aina fulani ya mchele kwa kusema kwamba “unajaa”. Ni sifa ya kweli kwa macho na kwa tumbo, lakini kilo ya mchele unaojaa haina kalori zaidi ya kilo ya mchele usiojaa. Kilichozidi ni maji.

Sababu ya tatu ni kile kisichofika katika sahani. Ukoko ulioganda chini ya sufuria una kalori zake. Ukitupwa, zitolewe katika hesabu. Vivyo hivyo, mtu akipika kwa maji mengi na kuyamwaga, wanga kidogo huondoka na maji hayo, pamoja na sehemu ya vitamini zinazoyeyuka katika maji. Kwa upande wa kalori upungufu huo ni mdogo. Kwa upande wa vitamini ni jambo la kuangaliwa.

Kinyume chake, kitu chochote chenye kalori kinachoongezwa sufuriani lazima kiongezwe katika hesabu. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kiasi cha gramu 14, yaani karibu kalori 125. Kikitiwa katika sufuria yetu jumla hupanda kutoka 720 hadi 845, na kikombe cha wali hupanda kutoka 216 hadi karibu 254. Tui la nazi huhesabiwa kwa namna hiyo hiyo. Chumvi haina kalori.

Watoto huuliza pia juu ya kiporo. Wali uliolala huwa umepoteza maji kidogo, kwa hiyo ni mwepesi zaidi, lakini kalori za sufuria nzima ni zile zile kwa hesabu ya darasani. Kuupasha moto tena hakuongezi nguvu: joto tunalolisikia mkononi hupoa, wala si ile nguvu iliyomo ndani ya wanga.

Tambi, makaroni na oti

Baada ya wanafunzi kuelewa mchele, mwalimu awaongoze kuona kwamba kila chakula kina tabia yake, na kwamba kizidisho cha mchele hakifai kutumiwa kwa vyakula vyote.

Makaroni na tambi hutengenezwa kwa unga wa ngano uliokandwa na kukaushwa. Gramu 100 za makaroni kavu zina karibu kalori 370. Zikipikwa, uzito wake huongezeka kiasi cha mara 2.3 tu, pungufu kuliko mchele. Zaidi ya hayo, makaroni makavu yana matundu na mapengo mengi kikombeni, hata kikombe cha mililita 250 huchukua kiasi cha gramu 110 tu. Tambi ndefu ndiyo taabu kabisa, maana hazipimiki kwa kikombe zikiwa kavu. Hizo lazima zipimwe kwa uzito, au kwa kuligawa pakiti ambalo uzito wake umeandikwa.

Oti ni nafaka ya nchi za baridi, nayo huuzwa madukani ikiwa imepondwa bapa kama magamba madogo. Gramu 100 zake kavu zina karibu kalori 380, zaidi kidogo kuliko mchele. Lakini magamba hayo ni mepesi: kikombe kizima huchukua kiasi cha gramu 85. Hivyo kikombe cha oti kavu kina kalori 320 hivi, chini ya nusu ya kikombe cha mchele. Hapa mwalimu ana nafasi nzuri ya kuonyesha kwamba chakula kinaweza kuzidi kingine kwa gramu, na kuzidiwa nacho kwa kikombe.

Jedwali lifuatalo linaonyesha kikombe kimoja cha mililita 250 cha kila chakula. Tarakimu zimekadiriwa, na zitumike kama mwongozo wa kujisahihisha.

| Chakula | Gramu za kikombe kikavu | Kalori za kikombe kikavu | Vikombe baada ya kupika | Kalori za kikombe kilichopikwa |
|---|---|---|---|---|
| Mchele mweupe | 200 | 720 | 3⅓ | 216 |
| Makaroni | 110 | 405 | 1¾ hivi | 230 hivi |
| Oti (uji mzito) | 85 | 320 | 2 hivi | 160 hivi |

Mstari wa oti unahitaji maelezo. Mchele na makaroni yana kikomo: punje ikishashiba, maji yanayozidi hubaki nje nasi huyaona. Uji hauna kikomo hicho. Mpishi aweza kuongeza kikombe cha maji, na uji bado utaitwa uji. Kwa hiyo hakuna tarakimu moja ya “kikombe cha uji”. Jambo hili linahusu uji wetu wa mahindi vile vile. Gramu 100 za unga wa mahindi zina karibu kalori 360. Zikitoa lita moja ya uji mwepesi, kikombe cha mililita 250 kitakuwa na kalori 90. Unga wa gramu 200 katika lita ile ile utatoa uji mzito wenye kalori 180 kwa kikombe. Tumbo la mtoto mdogo halipokei vikombe vingi. Akinywa kikombe cha uji mwepesi atashiba kama aliyekunywa uji mzito, lakini atakuwa amepata nusu tu ya nguvu.

Kosa lenye gharama: chakula cha mchana shuleni

Mpaka hapa huenda msomaji akadhani kwamba ni suala la ubao na chaki tu. Tutoe mfano wa shule yenye wanafunzi 200, ambayo kamati yake imeamua kila mtoto apate gramu 150 za mchele kwa chakula cha mchana. Kiasi hicho ni kalori 540 kwa kila mtoto, na mchele unaohitajika ni gramu 150 mara 200, yaani kilo 30 kwa siku.

Sasa mwalimu wa zamu anasoma daftari na kudhani kwamba gramu 150 ni za wali. Anafanya hesabu kwa uangalifu: wali kilo 30, ugawanywe kwa 2.8, mchele unaotakiwa ni karibu kilo 11. Anatoa kilo 11 ghalani. Kila mtoto anapata gramu 55 za mchele, yaani kalori 198, badala ya 540. Hesabu yake haina kosa la kuzidisha wala la kugawanya, na hata daftari la ghala litaonekana safi. Kilichokosekana ni neno moja tu: mchele, au wali. Dalili ingaliweza kuonekana mahali pawili: sahani ya mtoto ina wali usiojaza kikombe, ambapo ilipaswa kuwa na vikombe 2 na nusu, na magunia yanadumu karibu mara tatu ya siku zilizotarajiwa.

Ipo njia rahisi ya kujikinga. Ukikutana na tarakimu ya kalori kwa gramu 100 za nafaka, wala hukuambiwa kama ni kavu au imepikwa, itazame ukubwa wake. Nafaka kavu na vyakula vya unga uliokaushwa huwa kati ya kalori 330 na 390. Vikiisha kupikwa kwa maji huwa kati ya 60 na 160. Mapengo kati ya makundi haya mawili ni mapana, hivyo ni vigumu kuchanganya. Tarakimu zilizochapishwa kwenye pakiti za makaroni au oti kwa kawaida ni za chakula kikavu. Uhakikishe kwa kanuni hiyo hiyo kabla ya kuitumia. Ikiwa pakiti imeandikwa kwa kilojuli, gawa kwa 4.2 ili upate kalori.

Mpango wa vipindi

Tunashauri somo hili lichukue vipindi viwili vinavyofuatana. Katika kipindi cha kwanza mwalimu aanze na swali, si na tarakimu: “Kikombe cha mchele na kikombe cha wali, kipi kina nguvu zaidi? Na sufuria ya mchele na sufuria ya wali uliotokana nao, je?” Wanafunzi waandike makisio yao. Upishi na vipimo vifuate, na kila kundi liwe na mwandishi wake. Katika kipindi cha pili makundi yalinganishe idadi ya vikombe, yatafute sababu za tofauti, kisha yafanye hesabu za kugawanya.

Katika andalio la somo kila tarakimu ifuatwe na mojawapo ya maneno haya mawili: kikavu au kilichopikwa. Tarakimu isiyo na neno hilo isiandikwe ubaoni.

Zoezi

1. Kundi la wanafunzi limepika vikombe 2 vya mchele, kila kimoja gramu 200, likapata vikombe 6 vya wali bila kutia mafuta. Kila kikombe cha wali kina kalori ngapi?

2. Kundi hilo lingeongeza vijiko vikubwa 2 vya mafuta, vyenye kalori 250 kwa jumla, kikombe kingekuwa na kalori ngapi?

3. Mtoto amekula kikombe 1 na nusu cha wali wenye kalori 216 kwa kikombe. Amekula sehemu gani ya kikombe cha mchele mkavu?

4. Katika kitabu kimoja umeona gramu 100 za “makaroni” zimepewa kalori 158. Je, ni kavu au yamepikwa? Eleza ulivyojua.

Majibu: 1. Kalori 240. 2. Karibu kalori 282. 3. Kalori 324 kati ya 720, yaani 9/20 ya kikombe, karibu nusu. 4. Yamepikwa, kwa kuwa makaroni kavu yangalikuwa na karibu kalori 370.